Sabuni imegoma: kutafuta kasoro za sabuni ya mafuta ya mimea na kuzieleza kwenye insha ya kemia

Insha nyingi za shule kuhusu sabuni zinafanana. Mafuta jumlisha alkali, unapata sabuni na glisirini, kichwa kinapenda maji, mkia unapenda mafuta, basi. Hakuna uongo hapo. Lakini mpe mwandishi wa insha hiyo mche wa sabuni unaowasha mikono, umuulize umekuwaje, na atakodoa macho. Hapa tutaanza na sabuni iliyoharibika kisha turudi nyuma hadi kwenye chanzo, kwa sababu kila kasoro inaonyesha sehemu moja ya kemia ambayo insha inatakiwa kuieleza.

Kwanza, sabuni iliyokwenda sawa

Mafuta ya mimea, yawe ya mawese, nazi, alizeti au zeituni, kwa sehemu kubwa ni trigliseridi. Molekuli moja ya trigliseridi ina uti wa gliseroli, ndiyo ile glisirini, wenye kaboni tatu, na kila kaboni imeungana na mnyororo mrefu wa asidi ya mafuta kwa kiungo cha esta. Haidroksaidi ya sodiamu, NaOH, ile ambayo wengi tunaiita kostiki soda, hukata viungo hivyo vitatu. Gliseroli inabaki peke yake, na kila mnyororo unapata ioni ya sodiamu. Chumvi hiyo ya sodiamu na asidi ya mafuta ndiyo sabuni, na kitendo chenyewe ni saponifikesheni. Kwa asidi ya oleiki, ambayo imejaa kwenye mafuta ya zeituni, mlinganyo ni huu:

```
(C17H33COO)3C3H5 + 3NaOH → 3C17H33COONa + C3H5(OH)3
```

Namba ya kuikazia macho ni ile 3. Kila molekuli ya mafuta inadai NaOH tatu, si mbili na nusu wala nne. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeonyesha mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba alkali huyagawa mafuta kuwa asidi za mafuta na gliseroli. Kabla yake watu walitengeneza sabuni kwa karne nyingi bila kujua ndani ya sufuria kunatokea nini.

Tuchukue mfano mmoja na tuubebe hadi mwisho: gramu 300 za mawese, gramu 200 za mafuta ya nazi, gramu 75 za NaOH na gramu 150 za maji. Hizo 75 zimetoka wapi? Gramu moja ya mawese huhitaji takriban gramu 0.141 za NaOH ili iishe yote, na gramu moja ya nazi huhitaji takriban 0.183. Kwa hiyo mawese yanataka gramu 42.3 na nazi gramu 36.6, jumla 78.9. Tukapunguza asilimia 5 kwa makusudi, ili kikibaki kitu, yabaki mafuta kidogo, si alkali. Ndiyo tukafika 75.

Wanafunzi huuliza kwa nini nazi inakula NaOH nyingi hivyo. Jibu liko kwenye urefu wa mnyororo. Asidi kuu ya nazi ni lauriki, yenye kaboni 12. Mawese yana palmitiki kwa wingi, yenye kaboni 16. Moli moja ya trigliseridi ya lauriki ina uzito wa gramu 639 hivi, ya palmitiki gramu 807 hivi, na zote mbili zinakula moli tatu za NaOH, yaani gramu 120. Molekuli za nazi ni nyepesi, kwa hiyo kwenye gramu moja zimo nyingi zaidi. Ukibadilisha aina ya mafuta bila kupiga hesabu upya, umeshaharibu sabuni kabla hujawasha jiko.

Utaratibu wenyewe hauna mambo mengi. NaOH inamiminwa kidogo kidogo kwenye maji baridi, kamwe si maji kwenye NaOH, kwa sababu joto linalotoka linaweza kuyachemsha maji papo hapo na kuyarusha usoni. Miwani na glovu zivaliwe, na chombo kisiwe cha alumini: alkali hula alumini na kutoa gesi ya haidrojeni. Ikikurukia ngozini, suuza kwa maji mengi yanayotiririka. Usihangaike kutafuta siki. Mmumunyo ukishapoa hadi nyuzi 40 au 45 hivi, unamiminwa kwenye mafuta yenye joto la namna hiyo hiyo, kisha unakoroga mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji na mwiko uache alama juu yake. Hapo unamimina kwenye kalibu.

Dalili: umekoroga sana, bado mafuta yanaelea

Mafuta na maji havichanganyiki, na NaOH yote iko upande wa maji. Mmenyuko hauna pa kufanyika isipokuwa kwenye mpaka pale mafuta na maji yanapogusana. Ukikoroga polepole, matone ya mafuta yanabaki makubwa, mpaka unakuwa mdogo, na kazi haiendi. Ukikoroga kwa nguvu, matone yanavunjika kuwa madogo na mpaka unapanuka mara nyingi.

Kuna jambo zuri hapa ambalo insha nyingi hulisahau. Sabuni ya kwanza inayotokea, hata ikiwa kidogo, huanza yenyewe kuyashikilia matone ya mafuta yaliyobaki yasirudi kuungana. Kwa hiyo mmenyuko huanza kwa uvivu, halafu unashika kasi. Ndiyo maana mtu anaweza kukoroga muda mrefu bila dalili yoyote, kisha ghafla mchanganyiko ukageuka mzito. Kama umekwama mwanzoni, dawa ya kwanza ni kukoroga, si kuongeza NaOH.

Angalia pia uzito wa uongo. Mawese huanza kuganda kwenye nyuzi thelathini na kitu. Mchanganyiko ukipoa mno, mafuta yenyewe yanaganda na unadhani sabuni imeshika, kumbe bado. Kesho yake unakuta tabaka la mafuta juu na maji makali chini. Kujua ni rahisi: chota kidogo, weka kwenye kikombe kilichosimama ndani ya maji ya moto. Kikirudi kuwa chepesi na kuanza kujitenga, kilikuwa kimeganda tu. Pasha mchanganyiko wote taratibu na uendelee kukoroga.

Dalili: sabuni ni ngumu, inamomonyoka ukiikata, na inawasha ngozi

Hii ni alkali iliyozidi, na mara nyingi chanzo si kosa la hesabu bali la kifaa cha kupimia. Tufuatilie kisa kimoja kwa ukaribu.

Kikundi kimeandika kwenye daftari kila kitu sawasawa: mawese 300, nazi 200, NaOH 75, maji 150. NaOH imepimwa kwenye mizani. Mafuta yamepimwa kwa jagi lenye mistari ya mililita, kwa sababu mizani ilikuwa inatumiwa na kikundi kingine na mafuta, bwana, ni kimiminika. Sabuni ikashika vizuri, ikatoka kwenye kalibu bila shida. Siku chache baadaye iliwasha.

Mafuta ni mepesi kuliko maji. Yakiwa ya vuguvugu, mililita moja ya mafuta haya ina uzito wa gramu 0.91 hivi. Kwa hiyo mililita 300 za mawese zilikuwa gramu 273, na mililita 200 za nazi zilikuwa gramu 182. Mahitaji halisi ya NaOH yanakuwa 38.5 kwa mawese na 33.3 kwa nazi, jumla 71.8. Wao waliweka 75. Ile akiba ya asilimia 5 imeliwa yote, na juu yake zikabaki gramu 3.2 za NaOH zisizo na mafuta ya kumenyuka nayo. Hizo haziendi popote. Hata ukiiweka sabuni kabatini miezi, huwezi kuitegemea ijirekebishe, maana kinachotokea kwa wiki nne hadi sita za kukausha ni hasa maji kutoka. Mmenyuko wenyewe kwa sehemu kubwa huwa umekwisha ndani ya siku moja au mbili.

Lakini kabla ya kuihukumu sabuni, ipime vizuri. Wengi hukimbilia kudondosha fenolftalini kwenye maji ya sabuni, yakigeuka waridi wanasema ina kostiki. Kipimo hicho hakitoshi. Sabuni ni chumvi ya asidi dhaifu na besi kali, kwa hiyo ikiwa ndani ya maji hutoa ioni za haidroksaidi kidogo na kufanya pH iwe kama 9 hadi 10. Hata sabuni nzuri kabisa itageuza fenolftalini kuwa waridi. Kipimo chenye maana hufanywa kwenye alkoholi. Kwangua sabuni kidogo, iyeyushe kwenye ethanoli iliyopashwa ndani ya maji ya moto, mbali na moto wa wazi, kisha weka matone mawili ya fenolftalini. Kwenye ethanoli sabuni haiachi haidroksaidi kama ifanyavyo majini, kwa hiyo rangi ya waridi ikitokea, hiyo ni alkali huru. Jaribu kwanza ethanoli peke yake uhakikishe haina rangi.

Ukithibitisha, sabuni inaokoka. Gramu zilizopungua ni 27 za mawese na 18 za nazi, tofauti kati ya mililita walizopima na gramu walizokusudia. Kwangua sabuni yote, weka maji kidogo, ipashe kwenye chombo kilichosimama ndani ya maji yanayochemka, ongeza hayo mafuta gramu 45 na ukoroge mpaka iwe kitu kimoja. Glovu na miwani bado ni lazima. Ikipoa, rudia kipimo cha ethanoli.

Ukiandika kisa kama hiki kwenye insha, mwalimu hahitaji kukuuliza kama umeelewa stoikiometria. Umeshaionyesha ikiunguza mikono.

Dalili: sabuni ni laini, ina mafuta mafuta, haikauki

Hapa ni kinyume: mafuta yamebaki mengi. Kama vipimo vyote vilitoka kwenye mizani, mshuku wa kwanza ni kopo la kostiki lililoachwa wazi. NaOH hufyonza unyevu wa hewani, na pia hufyonza kaboni dayoksaidi na kugeuka kuwa kaboneti ya sodiamu:

```
2NaOH + CO2 → Na2CO3 + H2O
```

Kaboneti ni alkali dhaifu mno kwa kazi hii. Haikati viungo vya esta kwa kiwango cha maana. Tuseme katika zile gramu 75 ulizopima, NaOH halisi ni gramu 60 tu. Ukigawanya 60 kwa 78.9 unaona kwamba kama asilimia 76 tu ya mafuta ndiyo yaligeuka sabuni. Katika gramu 500, takriban gramu 120 zimebaki mafuta vile vile, zimejificha ndani ya mche. Baada ya muda zitachacha na kunuka.

Kupima kopo: yeyusha chembe chache kwenye maji mengi, kisha dondosha asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Viputo vikitokea, kaboneti ipo. Usikate tamaa haraka, maana asidi huanza kwa kumaliza NaOH iliyobaki. Viputo huja baadaye, ukiendelea kudondosha.

Kama kostiki ni nzima, tazama aina ya mafuta. Sabuni ya alizeti tupu ni laini kwa asili yake, kwa kuwa minyororo yake ina viungo maradufu vinavyoipinda na kuizuia isipangike kwa kubanana. Hiyo si kasoro.

Na ule unga mweupe unaotokea juu ya mche? Kwa kawaida ni kaboneti hiyo hiyo, imetokea usoni pale NaOH ilipokutana na hewa kabla haijamaliza kazi. Ikwangue, endelea. Cha kuogopa ni vifuko vya maji au chembe nyeupe zinazoonekana *ndani* ukikata, kwa sababu hizo ni dalili ya NaOH iliyokosa kuchanganyika.

Dalili ya kwenye insha: "sabuni huyeyusha mafuta"

Sentensi hii naikuta mara nyingi kuliko kasoro yoyote ya kwenye kalibu, na inapoteza alama bila sababu. Mafuta hayayeyuki kwenye maji ya sabuni. Yanavunjwa vipande vidogo na kushikiliwa humo.

Ioni ya sabuni ina mkia mrefu wa kaboni na haidrojeni, usio na chaji, unaokaa vizuri na mafuta na kuyakwepa maji. Upande wa pili kuna kundi la COO lenye chaji hasi, linalovutwa na maji. Ukiweka sabuni kwenye maji, ioni nyingi hupanda kwenye uso wa maji na kutoa mikia nje. Matokeo yake mvutano wa uso wa maji unashuka sana, kwa hiyo maji yanatandaa na kupenya kati ya nyuzi za kitambaa badala ya kujikusanya kuwa matone. Zile zinazobaki ndani hujikusanya kwa makundi, mikia ndani na vichwa nje. Makundi hayo huitwa misela.

Ukisugua nguo yenye grisi, mikia inachomeka kwenye grisi na vichwa vinabaki majini. Kusugua kunaing'oa grisi kwa matone madogo, kila tone limezungukwa na vichwa vyenye chaji hasi. Chaji zinazofanana husukumana, hivyo matone hayawezi kusogeleana na kuungana tena, wala kurudi kwa urahisi kwenye kitambaa. Maji ya kusuuzia yanayabeba. Kwa hiyo kazi ni tatu: kulowanisha, kung'oa na kuzuia yasirudi. Insha ikieleza hiyo ya tatu, ile ya chaji, imeshapita insha nyingi.

Dhihirisha kwa mirija miwili ya majaribio. Yote iwe na maji na matone machache ya mafuta, mmoja uongezewe sabuni iliyokwanguliwa. Tikisa kwa nguvu, weka chini, tazama. Kwenye maji matupu mafuta yanapanda juu baada ya muda mfupi na mstari unaonekana wazi. Kwenye mrija wa sabuni maji yanabaki meupe kwa muda mrefu. Weupe huo ndio ushahidi kwamba mafuta hayajayeyuka: kimiminika ambamo mafuta yameyeyuka kweli kingekuwa angavu. Hii ni emulsheni.

Povu, kwa njia, si kipimo cha usafishaji. Sabuni ya nazi hutoa povu jingi na la haraka, ya zeituni povu dogo na zito, na zote zinasafisha.

Dalili: sabuni haitoi povu, na ndoo imebaki na utando wa kijivu

Sabuni iliyopita vipimo vyote inaweza kushindwa ikikutana na maji magumu. Maji hayo yana ioni za kalsiamu na magnesiamu, na kila ioni ya kalsiamu hukamata ioni mbili za sabuni na kufanya chumvi isiyoyeyuka:

```
2C17H35COONa + Ca2+ → (C17H35COO)2Ca + 2Na+
```

Utando wa kijivu ni chumvi hiyo. Sabuni inaendelea kuliwa mpaka kalsiamu iishe, ndipo povu linaanza kuonekana. Kuthibitisha kwamba kosa ni la maji, jaribu sabuni ile ile kwenye maji ya mvua au yaliyotoneshwa. Povu likija mara moja, mche hauna hatia. Magadi ya kufulia, yaani kaboneti ya sodiamu, yakitiwa kwanza kwenye maji huishusha kalsiamu chini kama kaboneti ya kalsiamu, na sabuni inapona. Kuchemsha husaidia tu pale ugumu unapotokana na haidrojenikaboneti. Ugumu wa salfeti hauondoki kwa moto.

Asidi nayo huua sabuni, kwa njia nyingine. Rudi kwenye ule mrija mweupe wa emulsheni, udondoshee siki kisha utikise. Povu linazama na vipande vyeupe vinaanza kujitenga na kupanda juu, pamoja na mafuta yaliyokuwa yameshikiliwa. Kundi la COO limepokea ioni ya haidrojeni, chaji hasi imepotea, na hakuna tena cha kuyasukuma matone mbali. Vile vipande vyeupe usiviandike kuwa ni mafuta uliyoanza nayo yaliyorudi. Ni asidi za mafuta, zikiwa moja moja, kwa sababu gliseroli iliyokuwa imezifunga tatu tatu iliachana nazo siku ya kukoroga.